Cha kuacha ni kipi ukipewa maneno 30?

Mdogo wangu wa kidato cha nne uliyeniandikia kutoka bwenini, barua yako nimeipata na nimeisoma mara kadhaa. Unasema ufahamu unaumudu, sarufi haikusumbui sana, lakini ukifika kwenye ufupisho alama zinapukutika. "Dada, kila sentensi naiona ni muhimu," umeandika. "Sijui niache nini." Wiki hiyohiyo nilipata barua ya kijana mwingine ambaye kukata kwake hakuna shida. Yeye hukata mpaka idadi ya maneno itimie, kisha karatasi inarudi na maandishi mekundu pembeni: umepotosha maana. Nitawajibu pamoja, kwa sababu wewe unabakiza kilicho kinene na mwenzako anatupa kilicho kidogo, na tatizo lenu nyote liko katika kuchagua.

Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ufupisho una alama 15 kati ya 80. Ni sawa kabisa na ufahamu. Lakini ufahamu hukuuliza kile kilichoandikwa, ilhali ufupisho hukupa mpaka wa maneno, halafu unakuonya usipoteze maana. Masharti hayo mawili yanavutana. Ndiyo maana mtahiniwa anayeanza kuandika jibu kabla hajaamua atakachoacha hujikuta ana maneno 30 mazuri kuhusu hoja mbili tu, na nyingine tatu zimekosa pahali.

Nimewatungia kifungu kifupi tukifanyie kazi pamoja. Kisomeni polepole.

"Mkoko ni miongoni mwa miti michache sana inayoweza kustawi katika maji ya chumvi. Katika pwani ya Kenya, misitu ya mikoko hupatikana kwa wingi zaidi katika kaunti ya Lamu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na kwa hakika majumba mengi ya kale ya Lamu yalijengwa kwa boriti zilizotokana na mikoko. Mizizi ya miti hii, iliyosukana kama utando wa buibui, huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na kwa njia hiyo ardhi haimomonyoki. Isitoshe, mizizi hiyo huwa maficho ya samaki wachanga, kaa na kamba, ambao huishi humo hadi wanapokomaa. Kwa hivyo mvuvi anayekata mikoko anajikatia riziki yake mwenyewe. Fauka ya hayo, matope ya mikoko huhifadhi kaboni nyingi. Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji walianza mradi wa kuuza kaboni mwaka wa 2013, na fedha zake zimesaidia kununua vitabu vya shule na kuleta maji. Hata hivyo, kupanda miche pekee hakutoshi. Mikoko iliyopandwa mahali pasipofaa, kwa mfano mahali ambapo maji hayapwi na kujaa ipasavyo, mara nyingi hufa. Penye maji yanayopwa na kujaa kama kawaida, na mbegu zinazofika zenyewe, msitu huweza kuota upya bila kupandwa."

Maswali ni mawili. (a) Bila kubadilisha maana, eleza faida za mikoko. Maneno 25 hadi 30. Alama 6, moja ikiwa ya mtiririko. (b) Mwandishi anasema nini kuhusu kurejesha misitu ya mikoko? Maneno 15 hadi 20. Alama 4, moja ya mtiririko.

Ulipokuwa ukisoma, nina hakika sentensi ya kwanza ilikuvutia. Mti unaostawi katika maji ya chumvi! Ni jambo la ajabu, tena limewekwa mwanzoni, mahali ambapo walimu wametufundisha kutafuta wazo kuu. Lakini rudi kwenye swali (a). Umeulizwa faida. Kustawi katika chumvi ni sifa ya mti. Si faida kwa yeyote. Kupatikana kwa wingi Lamu ni mahali. Sentensi hizo mbili zinaondoka kabla hatujagusa kitu kingine, na haziondoki kwa sababu hazina uzito. Zinaondoka kwa sababu hazikuulizwa. Hapo ndipo penye jibu la "kila sentensi naiona ni muhimu" yako, mdogo wangu: katika kifungu kizima huenda kila kitu ni muhimu kweli, kwa kuwa mwandishi hakukiweka bure, lakini wewe hujaombwa kifungu kizima. Kama swali lingekuwa "eleza sifa za mikoko", sentensi ya kwanza ingekuwa ya kwanza kubaki na habari za Gazi zingekuwa za kwanza kutoka.

Kwa hivyo kabla ya kupigia mstari chochote, pigia mstari neno moja ndani ya swali: faida, sababu, madhara, mapendekezo, lolote litakalokuwapo. Kisha tazama alama. Alama 6, moja ya mtiririko, maana yake mtahini anatarajia hoja tano. Maneno 30 kwa hoja tano ni maneno sita kwa kila hoja. Huo ni wastani tu, na hoja moja ikitaka nane nyingine itabaki na nne, lakini wastani huo ndio unaokuambia mapema kwamba hoja iliyomeza maneno 15 imekula chakula cha mwenzake mmoja na nusu ya cha mwingine.

Sasa tutafute hizo tano. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na nataka tukae kidogo.

Tumefundishwa kwamba methali hutoka, mifano hutoka, tashbihi hutoka, takwimu na majina ya mahali hutoka. Ni kanuni nzuri, na mara nyingi inafaa. Utando wa buibui unatoka bila majadiliano. Mizizi itavunja mawimbi hata kama haifanani na kazi ya buibui. Ila ukiipitisha kanuni hiyo juu ya sentensi nzima nzima, utapoteza hoja mbili kati ya tano. Tazama sentensi yenye methali. Methali yenyewe ni pambo, na Lamu ni mahali, lakini nyuma yake kuna boriti. Mikoko hutoa boriti za kujengea: hiyo ni faida, na haikutajwa popote pengine katika kifungu. Aliyekata sentensi nzima kwa sababu ilianza na "wahenga walisema" ameitupa hoja pamoja na pambo lake.

Habari ya Gazi nayo ni mfano, na wengi huuruka. Lakini uulize mfano huo: unathibitisha jambo ambalo limeshasemwa, au unaleta jambo jipya? Sentensi iliyotangulia ilisema matope huhifadhi kaboni. Habari ya Gazi haithibitishi hilo. Inaleta jingine, kwamba kaboni hiyo inaweza kuuzwa na fedha zikawafikia watu. Ni hoja ya tano. Mfano unaothibitisha tu, uache bila huruma. Mfano unaoleta jipya, toa jipya hilo ndani yake, kisha uache kijiji, mwaka na vitabu vya shule.

Na mvuvi anayejikatia riziki? Sentensi hiyo ni tamu, na ndiyo nyinyi wengi mtaing'ang'ania. Jaribu kuiandika kwa maneno makavu: akikata mikoko, samaki wachanga watakosa maficho, hivyo atakosa samaki wa kuvua. Ni hoja ya maficho imerudi kwa mlango mwingine. Namna ya kugundua marudio ni hii: vua sentensi uzuri wake, iandike vikavu, ulinganishe na uliyo nayo tayari. Sentensi inayokupendeza zaidi katika kifungu iangalie mara mbili. Mara nyingi uzuri wake umetokana na kusema tena, kwa nguvu zaidi, jambo lililokwisha kusemwa.

Basi tuna hoja tano: boriti, mawimbi, maficho, kaboni, fedha. Katika nafasi ya matayarisho, ziandike kwanza kama zinavyokuja:

"Mikoko hutoa boriti za kujengea nyumba. Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi hivyo kuzuia mmomonyoko wa ardhi na pia huwa maficho ya samaki wachanga, kaa na kamba hadi wanapokomaa. Matope yake huhifadhi kaboni nyingi ambayo wanakijiji wa Gazi huiuza na kupata fedha za kununua vitabu vya shule na kuleta maji."

Hesabu. Ni maneno 50. Kumbuka kwamba "ya", "za", "na" na "wa" kila kimoja ni neno kamili mbele ya mtahini, na usije ukajaribu kuokoa nafasi kwa kuandika "kwasababu" au "kwahivyo" kama neno moja. Hilo ni kosa la tahajia juu ya kosa la hesabu. Tunahitaji kuondoa 20, na hoja zote tano zibaki.

Anza na tendo lililosemwa kwa hatua mbili. "Huvunja nguvu za mawimbi hivyo kuzuia mmomonyoko wa ardhi" ni maneno tisa. Lugha yetu ina vitenzi vinavyobeba mzigo mkubwa, na nomino kama "mmomonyoko wa ardhi" zikirudi kuwa kitenzi hupungua: "huzuia mawimbi kumomonyoa ardhi". Manne. Tumeokoa matano na hakuna kilichopotea ambacho swali lilikitaka.

Halafu orodha. "Samaki wachanga, kaa na kamba" waweke chini ya jina moja, viumbe wa bahari. "Hadi wanapokomaa" hayana kazi tena, kwani aliyeitwa mchanga tumeshaelewa kwamba siku moja atakomaa. "Na pia huwa maficho ya samaki wachanga, kaa na kamba hadi wanapokomaa" yalikuwa maneno 12. "Na huwaficha viumbe wachanga wa bahari" ni sita. "Za kujengea nyumba" yawe "za ujenzi", tumeokoa moja. Tumefika 12, bado manane.

Manane hayo yako katika sentensi ya mwisho, na hapo ndipo ninapotaka yule kijana mwenye maandishi mekundu asogee karibu. Tukiondoa Gazi, vitabu na maji, tunaweza kuandika: "Matope yake huhifadhi kaboni ambayo huwapa wanakijiji fedha." Fupi, safi, na si kweli. Kifungu kilizungumzia kijiji kimoja chenye mradi wa kuuza. Ulipotoa jina la Gazi ukaacha kitenzi cha "hu-", umegeuza jambo la kijiji kimoja kuwa desturi ya pwani nzima, na umefanya fedha zionekane zinatoka matopeni bila mtu kuuza chochote. Ukiondoa jina la mahali, lazima ulipe kwa neno dogo litakaloshikilia mpaka wa ukweli. Hapa tunalipa maneno mawili: "ikiuzwa" na "huweza".

Neno "nyingi" nalo? Linaonekana ni la kutupwa. Lakini fikiria: kaboni imo katika udongo wa kila aina. Kinachofanya matope ya mikoko yatajwe ni wingi wake. Bila "nyingi" hoja ya nne inabaki jina bila sababu. Linabaki.

Jibu letu basi ni hili:

"Mikoko hutoa boriti za ujenzi. Mizizi yake huzuia mawimbi kumomonyoa ardhi na huwaficha viumbe wachanga wa bahari. Matope yake huhifadhi kaboni nyingi, ambayo ikiuzwa huweza kuwapa wanakijiji fedha za maendeleo."

Hesabu mwenyewe kwa kidole. Ni maneno 30, na hoja tano zimo. Vitabu na maji vimekuwa "maendeleo", neno pana kuliko ninavyopenda, na hapo tumepoteza kitu. Nakubali hasara hiyo kwa kuwa swali liliuliza faida za mikoko, halikuuliza matumizi ya fedha. Angalia pia kwamba hatukuanza na "Mwandishi anasema kuwa". Maneno matatu hayo, katika nafasi ya 30, ni nusu ya hoja, na mtahini anajua fika kwamba ni mwandishi anayesema.

Swali (b) ni fupi zaidi na hatari zaidi. Hili ni jibu la aina ninayokutana nayo sana:

"Kupanda miche hakutoshi kwani mikoko iliyopandwa hufa, lakini msitu huota upya bila kupandwa."

Maneno 13. Sarufi iko sawa, mtiririko upo, na karibu maneno yote yametoka katika kifungu. Mpe mtu wa Kwale ambaye hajasoma kifungu, umuulize ameelewa nini. Atakwambia: basi tusipande, kwani ikipandwa itakufa, na tukikaa kimya itaota. Mwandishi hakusema hivyo hata kidogo. Alisema iliyopandwa mahali pasipofaa hufa, tena mara nyingi, si mara zote. Alisema msitu huweza kuota, na akaweka sharti: penye maji yanayopwa na kujaa, na mbegu zinazofika. Vilivyokatwa ni vidogo mno kwa macho: mahali pasipofaa, mara nyingi, huweza, penye. Kila kimoja kilikuwa kimeshika ukuta, na vilipotoka vyote kwa pamoja maana ikageuka kichwa chini.

Wadogo zangu, hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote niliyosema leo. Jicho likiwa na haraka hukata maneno madogo kwanza, kwa kuwa yanaonekana hayana nyama: baadhi, huenda, ila, isipokuwa, iwapo, pekee, aghalabu, kabla ya. Halafu hubakiza mambo makubwa yanayong'aa. Fanya kinyume. Mfano mzima ukiondoka, msomaji anakosa picha lakini anabaki na ukweli. "Baadhi" ikiondoka, anabaki na uongo.

Tatizo ni kwamba maneno hayo nayo yanahesabiwa, hivyo yanapaswa kutafutiwa umbo dogo. Kiswahili ni karimu hapa. "Mara nyingi" ni mawili, "aghalabu" ni moja. "Mahali ambapo hapafai" yanakuwa "mahali pasipofaa". "Katika sehemu ambazo zina mbegu" yanaingia ndani ya "penye mbegu", kutoka matano hadi mawili. "Bila ya kupandwa na mtu" ni "wenyewe". Hivyo:

"Kupanda hakutoshi: mikoko iliyopandwa mahali pasipofaa aghalabu hufa, lakini penye mbegu na maji yanayopwa na kujaa, msitu huweza kuota wenyewe."

Maneno 20, na masharti yote yamesimama. Nilikuwa nimefika 18 nikiwa na "maji yanayopwa" tu. Maneno mawili yaliyobaki niliyatumia kurudisha "na kujaa", maana mahali palipoziba hudhuru mikoko kwa pande zote mbili, maji yakikosa kutoka au yakikosa kuingia. Maneno yakikubakia, usiyajaze kwa pambo. Rudisha sharti lililobanwa, na kama hakuna lililobanwa, acha yabaki.

Mtaniuliza mtajuaje, ndani ya chumba cha mtihani, kwamba mmekata mahali pabaya, na hakuna mtu wa Kwale wa kumuuliza. Funika kifungu kwa mkono. Soma jibu lako kama limeandikwa na mtu mwingine, na kwa kila kitenzi uliza: ni vyote? Ni siku zote? Ni hakika? Ukisoma "mikoko iliyopandwa hufa" na kuuliza "yote?", jibu lako linasema ndiyo. Funua kifungu, kinasema la. Umepata pa kurekebisha, na kalamu bado iko mkononi. Ukaguzi huu hauchukui muda, na uufanye kwenye matayarisho, kabla ya kunakili jibu safi, kwa sababu neno la kurudishwa litahitaji jingine litoke ili idadi isizidi.

Kuna swali moja katika barua yako sijalijibu: ufanye nini hoja zikiwa saba na alama ni za hoja tano? Kwanza hakikisha ni saba kweli. Mara nyingi mbili ni marudio kama mvuvi wetu. Zikibaki saba, angalia mpaka wa swali, kwa kuwa likisema "aya mbili za kwanza" na hoja ya sita imo katika aya ya tatu, hiyo si yako. Zikikataa bado kupungua, unganisha zilizo chini ya jambo moja, kama tulivyoweka mawimbi na maficho chini ya "mizizi yake". Kuacha hoja kamili iwe hatua ya mwisho, na uiache ile ambayo kifungu kimeigusa kwa maneno machache kuliko zote.

Nawapa kazi ya mwezi huu. Rudini kwenye kifungu cha mikoko, mjibu swali (a) tena, lakini safari hii kwa maneno 20, hoja zote tano ziwemo na "huweza" isitoke. Nileteeni majibu yenu hapa kwenye kona yetu, pamoja na yale mliyoyakata na sababu ya kuyakata, kwani hizo sababu ndizo nitakazozisahihisha kwanza.